Tathmini ya kampeni ya Idd haieleweki? Dalili, visababishi na namna ya kurekebisha

Sikukuu imepita, mabishano ni yaleyale: wa redio anasema redio ndiyo iliyoleta watu, aliyezunguka na gari la matangazo anasema ni gari, na mwenye duka anataka waraka mmoja wenye safu tatu: kilichofanya kazi, kilichokuwa bahati, na cha kurudia mwakani. Waraka unaandikwa, unasomwa, halafu mwaka unaofuata mambo yaleyale yanafanywa na matokeo yanakuwa mengine kabisa. Hapo shida huwa kwenye tathmini yenyewe, na karibu kila mara ina dalili unazoweza kuziona kabla hujatumia tena hata shilingi moja.

Mwongozo huu unatumia duka moja la mfano muda wote. Tuchukulie liko Ngamiani, Tanga, linauza nguo za watoto na kanzu. Kwa Idd el-Fitri ya 2025 lilifanya mambo matatu: tangazo la redio kwa wiki 4, gari lenye vipaza sauti kwa siku 6 za mwisho, na meseji ya punguzo la asilimia 10 kwa wateja wa zamani. Risiti moja kwa wastani ni shilingi 40,000, na faida ghafi ndani yake ni shilingi 12,000. Hesabu zote hapa ni za mfano, lakini njia ya kuzipata ni ileile kwa duka lolote lenye daftari la risiti linaloandika tarehe na mtaa anakotoka mteja. Kama daftari lako haliandiki mtaa, anza leo. Ni neno moja tu kwa kila risiti, na bila hilo nusu ya yanayofuata haiwezekani.

Dalili ya kwanza: mauzo ya mwezi yamepanda mara mbili au tatu

Waraka unasema: "Machi 2024 tuliuza risiti 230, Machi 2025 tukauza 648. Kampeni imefaulu." Ukiona ongezeko la namna hii usishangilie bado, fungua kalenda kwanza. Idd ya 2024 ilikuwa tarehe 10 Aprili. Ya 2025 ilikuwa tarehe 31 Machi. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Idd hurudi nyuma kila mwaka. Machi 2024 ilikatika kabla kimbizakimbiza ya siku za mwisho haijaanza, wakati Machi 2025 iliimeza yote. Unalinganisha mwezi usio na Idd na mwezi wenye Idd.

Dawa yake ni kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya Idd. Chukua siku 28 kabla ya Idd ya kila mwaka: tarehe 13 Machi hadi 9 Aprili kwa 2024, na tarehe 3 hadi 30 Machi kwa 2025. Zigawe katika wiki 4 na uzipange hivi:

Wiki ya 4 kabla ya Idd: 2024 risiti 40, 2025 risiti 46.
Wiki ya 3: 62, kisha 70.
Wiki ya 2: 118, kisha 134.
Wiki ya mwisho: 260, kisha 390.

Jumla ni 480 kwa 640. Ongezeko la kweli ni risiti 160, yaani theluthi moja. Ni zuri, ila liko mbali na "karibu mara tatu". Hesabu hii ifanyike kabla ya nyingine yoyote, kwa sababu ukianza na 648 dhidi ya 230, kila aliyehusika atajigawia sifa ambazo hazipo.

Duka linalouza sare za shule halina tatizo hili, kwa kuwa Januari haihami. Lakini chochote kinachofuata mwezi mwandamo, kuanzia tende mpaka mbuzi wa Idd el-Adha, kipimwe kwa mtindo huu.

Dalili ya pili: ongezeko limejaa kwenye wiki moja

Rudi kwenye wiki zile nne. Wiki tatu za kwanza zimepanda kwa asilimia 13 hadi 15, kwa utulivu kabisa. Wiki ya mwisho imeruka kwa asilimia 50. Hapo ndipo gari la matangazo lilikuwa barabarani, na ndiyo maana dereva na mtangazaji wake wanadai ushindi wote. Dai lao si la kipuuzi, lakini kuna jambo jingine lililotokea wiki hiyohiyo: mishahara. Mwaka 2025 siku saba za mwisho kabla ya Idd, tarehe 24 hadi 30 Machi, ziliangukia mwishoni mwa mwezi, wakati waajiriwa wengi wana pesa mkononi. Mwaka 2024 wiki ya mwisho ilikuwa tarehe 3 hadi 9 Aprili, mshahara wa Machi ukiwa umeshalipa kodi ya nyumba na madeni ya dukani.

Mambo mawili yakitokea pamoja, tarehe peke yake haiwezi kukuambia lipi lilileta nini. Unahitaji mahali ambapo moja lilifika na jingine halikufika. Mshahara ulifika kila mtaa. Gari halikufika kila mtaa: tuchukulie lilizunguka Chumbageni tu, Makorora halikugusa. Sasa daftari lenye majina ya mitaa linalipa. Kwa wiki ya mwisho peke yake:

Chumbageni, palipopita gari: 2024 risiti 60, 2025 risiti 111.
Makorora, pasipopita gari: 58, kisha 81.
Mitaa mingine yote, pasipopita gari: 142, kisha 198.

Makorora imepanda kwa asilimia 40, mitaa mingine asilimia 39. Zimelingana vizuri mno, na kulingana huko ndiko kunakotupa ujasiri: huo ndio mwendo wa wiki ile bila gari. Chumbageni nayo ingepanda kwa asilimia 40 bila msaada wowote, yaani kufikia risiti 84. Ilifikia 111. Tofauti ya 27 ndiyo ya gari. Risiti nyingine 24 za ongezeko la Chumbageni zingekuja hata gari lingebaki gereji.

Usiishie hapo. Siku 6 za gari, mafuta na mtangazaji, kwa shilingi 45,000 kwa siku, ni shilingi 270,000. Faida ya risiti 27 ni shilingi 324,000. Kilichobaki ni shilingi 54,000. Gari lilifanya kazi, lakini kwa chupuchupu, na laiti lingeleta risiti 22 badala ya 27 lingekuwa limekula hasara. Waraka uandike yote mawili, kwa sababu neno "lilifanya kazi" likiachwa peke yake, mwakani mtu ataongeza magari mawili.

Namna ya kujua kama ongezeko la ziada la wiki ya mwisho kweli ni mshahara: kutoka asilimia 14 za wiki tatu za kwanza hadi asilimia 40 za wiki ya mwisho kuna mruko wa karibu robo. Fungua miezi ya kawaida isiyo na Idd wala Maulidi, mfano Agosti na Novemba 2024, ulinganishe siku saba za mwisho wa mwezi na siku saba za katikati. Kama mwisho wa mwezi huuza risiti 50 pale katikati panapouza 40, umepata robo ileile, na mshahara unatosha kueleza. Kama miezi ya kawaida haina tofauti hiyo, tafuta sababu nyingine: jirani mwenye duka kama lako alifunga? Mzigo wake ulichelewa? Ulizia mtaani wiki hiyohiyo, maana baada ya miezi miwili hakuna anayekumbuka.

Tahadhari moja kuhusu mtaa wa kulinganisha. Uteuliwe kabla kampeni haijaanza, na uwe mtaa ambao kwa miezi iliyopita umekuwa ukipanda na kushuka pamoja na ule utakaotangaziwa. Ukichagua baada ya kuona matokeo, utachagua bila kujijua ule unaokupa jibu unalolitaka.

Dalili ya tatu: wateja karibu wote wanasema "nimesikia redioni"

Muuzaji anauliza kaunta: "Mama, umetusikia redioni?" Mama ana mtoto mgongoni na haraka ya kuwahi daladala, anajibu ndiyo. Kwa swali hilo redio itashinda kila mwaka. Hata swali likiwa wazi, "umetujuaje?", mtu hutaja njia anayoizoea kuisikia, na mteja wa miaka mitano hana kumbukumbu ya siku ya kwanza.

Kuna kipimo rahisi cha kujua majibu hayo yana uongo kiasi gani: weka kwenye orodha ya maswali njia moja ambayo hukuitumia. Tuseme duka halikuweka bango popote mjini, lakini muuzaji anauliza, "Ni redio, gari, meseji au bango?" Kati ya wateja 100, kama 14 wanasema bango, basi unajua jibu lolote katika orodha hiyo linaweza kubeba watu 14 hewa. Njia iliyopata 10 au 15 haijathibitisha kitu. Hawa wateja hawakudanganyi, wanakusaidia tu umalize swali lako.

Redio ya duka letu ina tatizo kubwa zaidi: ilisikika kila mtaa, kwa wiki zote nne. Hakuna Makorora yake. Kwa hiyo usitafute mtaa, tafuta wakati. Angalia duka lilikuwa linakwendaje kabla tangazo halijaanza kusomwa. Januari na Februari 2024 liliuza risiti 170, miezi hiyohiyo ya 2025 liliuza 192. Hiyo ni asilimia 13 ya ukuaji, redio ikiwa bado haijatamka jina la duka. Ukuaji huo ukiendelea tu kama ulivyo, risiti 480 za Idd zinakuwa 542. Sasa tazama wiki tatu za kwanza za kampeni, redio ikiwa hewani bila gari wala mshahara: zilipanda kwa asilimia 14. Asilimia 13 kabla ya redio, asilimia 14 wakati wa redio.

Tangazo liligharimu shilingi 600,000. Ili lijilipe lilihitaji kuleta risiti 50 za ziada. Pengo la asilimia moja juu ya risiti 480 halifiki hata 5. Hii haithibitishi kwamba redio haifai kwa duka lolote Tanga. Inaonyesha kwamba kwa duka hili, kwa wakati huu, hakuna alama yake kwenye daftari. Kwa hiyo redio isiingie safu ya "kilichofanya kazi", na haiwezi kuingia "bahati" pia. Ongeza safu ya nne kwenye waraka: "hatujui". Tathmini isiyo na safu hiyo inakulazimisha kubuni, na watu wakilazimishwa kubuni huegemea upande wa kile walichokwisha kukilipia.

Kinachoingia kwenye safu ya "hatujui" kiandikiwe jaribio lake papo hapo. Kwa redio: tangazo lisomwe wiki ya 4 na ya 2 tu kabla ya Idd, wiki ya 3 linyamaze. Kama risiti za wiki ya 3, zikilinganishwa na wiki ya 3 ya miaka iliyopita, hazishuki, pesa ya redio ina kazi nyingine ya kufanya.

Dalili ya nne: punguzo limetumiwa na wengi, lakini pesa haionekani

Hii ndiyo inayoumiza zaidi, kwa kuwa kila mtu huiweka kwenye safu ya ushindi. Meseji ilitumwa kwa wateja wa zamani 300. Waliokuja kununua na kuonyesha meseji yao ni 66. Waraka unaandika: "Meseji zimeleta wateja 66." Je, zimewaleta, au zimewakuta wako njiani?

Hutajua, isipokuwa kama uliacha baadhi bila kuwatumia. Orodha ya duka ilikuwa na namba 400. Zilipangwa kwa tarakimu mbili za mwisho za simu, kisha kila namba ya nne ikaachwa, zikabaki 100 zisizotumiwa chochote. Kupanga kwa tarakimu za mwisho kuna maana yake: usichague wewe nani aachwe. Ukiacha "wale wasionunua sana", meseji itaonekana ina nguvu za ajabu.

Kati ya 300 waliotumiwa walinunua 66, yaani 22 kwa kila 100. Kati ya 100 walioachwa walinunua 18. Kwa hiyo hata bila meseji, watu 54 kati ya wale 300 wangekuja. Meseji iliongeza watu 12. Sasa gharama: punguzo la asilimia 10 kwenye risiti ya 40,000 ni shilingi 4,000, na walipewa wote 66, jumla shilingi 264,000. Faida ya watu 12 wa ziada ni shilingi 144,000. Duka limepoteza shilingi 120,000, kabla ya kulipia meseji zenyewe. Sehemu kubwa ya punguzo ilikwenda kwa watu waliokuwa tayari wamefungua pochi.

Na hata hao 12 si wa kutegemea sana. Katika kundi la watu 100, wangekuja 22 badala ya 18 kwa sababu za kawaida tu za maisha, tofauti yote ingefutika. Lakini uamuzi hauhitaji usahihi huo. Ili punguzo lijilipe, risiti 22 kati ya zile 66 zilihitajika kuwa za ziada, na tulipata 12 kwa makadirio. Cha kurudia hapa ni meseji bila punguzo, ikisema tu saizi zipi zimefika na duka linafungwa saa ngapi usiku. Kundi la kuachwa libaki palepale, la watu 100.

Dalili ya tano: siku tatu za mwisho mauzo yanashuka, duka limejaa watu

Kanzu za watoto wa miaka 6 hadi 9 zimeisha tarehe 28. Risiti zinapungua, na waraka unasema "kampeni ilichoka mwishoni". Dawa ni karatasi kaunta: kila anayeondoka bila kupata saizi, mstari mmoja. Mistari 35 kwa siku tatu ni risiti 35 ambazo tangazo lilizileta na stoo ikazirudisha.

Wakati wa kuandika sababu, tenganisha vizuri. Mzigo uliotakiwa kufika ndani ya siku moja ukakwama njiani siku mbili, hiyo ni bahati mbaya. Kuagiza mzigo siku 5 kabla ya Idd ni uamuzi, hata kama mwaka juzi ulifika salama. Bahati mbaya inastahili kuandikwa kama ile nzuri, vinginevyo wazo zuri lililoangukia siku mbaya litatupwa bila kosa lake.

Dalili ya sita: safu ya "turudie" ndiyo ndefu kuliko zote

Hutokea pale safu hiyo inapokuwa orodha ya vitendo visivyo na masharti. "Gari la matangazo, turudie" haimsaidii atakayelisoma miezi kumi baadaye. Andika hivi: gari, Chumbageni, siku 6, shilingi 270,000, mwakani siku 4 za mwisho tu, Makorora ibaki bila gari ili tupime tena, likileta chini ya risiti 15 za ziada kwa shilingi 180,000, liachwe. Hesabu ya 15 inatoka kwenye kugawa gharama kwa faida ya risiti moja, na ifanyike sasa wakati kila kitu kiko wazi.

Kisha andika tarajio la mwakani, kwa namba, na bahati ikiwa imeondolewa. Idd ya 2026 inahesabiwa kuangukia karibu na tarehe 20 Machi, mwandamo ndio utakaoamua. Wiki yake ya mwisho itakuwa kabla ya mishahara, kwa hiyo ile robo haitakuwepo. Chukua risiti 390 za wiki ya mwisho, ondoa mruko huo kwa kugawa kwa 1.23, yaani 1.40 kwa 1.14, zinabaki kama 317. Ongeza 250 za wiki tatu za kwanza: 567. Zikikua kwa asilimia 13 kama duka linavyokua, zinarudi kuwa 640.

Risiti 640 tena, sawasawa na mwaka huu. Asiyeisoma hesabu hii ataiona namba hiyo na kusema kampeni imekwama, atafukuza mtu au kuongeza bajeti ya redio. Kwa hiyo mstari wa mwisho wa waraka uandikwe kwa kalamu na kusainiwa na mwenye duka kabla daftari halijafungwa: "Idd 2026, tarajio risiti 640. Chini ya 600, tutafute kilichoharibika. Juu ya 680, tutafute kilichotusaidia kabla hatujajisifu."